Binti aliyerudishwa P3: abaki Nakivale au apelekwe Nyarugusu?

Swali: «Mimi ni mkimbizi kutoka Goma. Tulifika Nakivale, Uganda, mwezi wa pili mwaka 2025. Binti yangu alikuwa darasa la sita la msingi, hajafanya mtihani wa taifa. Hapa walimweka P3, yaani darasa la tatu, kwa sababu hajui Kiingereza, na mwaka huu yuko P4. Ana miaka 13 na anakaa na watoto wa miaka 9. Shangazi yake yuko kambi ya Nyarugusu, Tanzania, anasema nimpeleke kule aendelee kwa Kifaransa na mtaala wa Kongo. Nisipompeleka atapoteza miaka. Nikimpeleka, je, karatasi zake zitamfaa? Naomba unishauri kama mzazi.»

Jibu: Ndugu yangu, ushauri wangu kwa kifupi ni kwamba binti asiende Nyarugusu kwa sababu hiyo peke yake, lakini pia asiachwe apande darasa moja kila mwaka kuanzia P4 kana kwamba ndiyo kwanza anaanza shule. Kuna njia ya tatu, nayo inaanza kwa kuomba apimwe upya. Nimefanya kazi ya elimu ya wakimbizi kwa miaka mingi, kwanza Kigoma na baadaye kusini-magharibi mwa Uganda, na suala kama lako nimelikuta kwa wazazi wengi waliotoka Kivu. Nitakueleza kwa urefu kidogo, kwa sababu uamuzi huu ukifanywa kwa haraka unamgharimu mtoto miaka ambayo hairudi.

Nianze na Nyarugusu, kwa kuwa ndiyo inayokuvuta. Shangazi hakudanganyi. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Tanzania kwa miaka mingi imewasomesha watoto wa kambini kwa mitaala ya nchi walizotoka, kwa hoja kwamba siku moja watarudi kwao. Mtoto wa Kikongo akiwa Nyarugusu anasoma kwa Kifaransa, anafundishwa na walimu Wakongo, na lengo la safari yake ni mtihani wa taifa wa msingi wa Kongo, kisha darasa la saba na la nane, kisha miaka minne ya sekondari, na mwisho ile diploma ya Serikali inayopatikana kwa mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, EXETAT. Binti yako angeingia darasani siku ya kwanza akaelewa kila neno la mwalimu. Hilo ni jambo kubwa na silidharau hata kidogo.

Hata hivyo, nilipokuwa nikizungumza na wazazi wa kule, nilikuwa nawauliza swali ambalo nakuuliza na wewe: mlango wa mwisho wa njia hiyo unafungukia wapi? Cheti cha Kongo kinachotolewa kambini kinategemea dola iliyo ng'ambo ya mpaka. Mitihani lazima itambuliwe na wizara ya Kongo, matokeo lazima yatoke Kongo, na diploma yenyewe lazima ichapishwe na kutumwa. Vita vinapoishika nchi, au serikali zinapochelewa kuelewana, anayesubiri ni mtoto. Na akishaipata diploma, akitaka kuendelea Tanzania atakuta kwamba sekondari na vyuo vya nchi hiyo vinafundisha kwa Kiingereza, na kwamba cheti chake cha kigeni lazima kwanza kilinganishwe na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa hiyo Kiingereza anachokikimbia leo kinaweza kumngoja miaka saba mbele, wakati huo akiwa mtu mzima mwenye muda mdogo wa kujifunza. Cheti cha Kongo kinamfaa sana yule anayerudi Kongo kweli, na kinaweza kumfaa anayekwenda kuishi katika nchi ya Kifaransa. Kwa mtoto ambaye hakuna anayejua atarudi lini, ni cheti chenye mlango mmoja.

Kuna na jambo lisilo la shule ambalo siwezi kulipita kimya. Binti wa miaka 13 akivuka mpaka bila wazazi anageuka, mbele ya sheria, mtoto aliyetenganishwa na familia yake. Faili lenu la ukimbizi liko Uganda, katika Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR, na yeye yumo ndani ya cheti cha familia yenu. Akiondoka, mgao wake, ulinzi wake na kesi yoyote ya baadaye ya familia vinaweza kukatika, na huko aendako hakuna hakika kwamba atasajiliwa. Mtu asikuambie kwamba wilaya yenu ya Isingiro imepakana na Tanzania na kwa hiyo safari ni fupi. Mpaka uko karibu, lakini Nyarugusu iko mbali ndani ya Kigoma.

Sasa turudi Nakivale. Uganda ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa nchi, jambo ambalo pia limo katika ibara ya 22 ya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Binti yako anasoma mtaala wa Uganda, atafanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi unaotolewa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, na karatasi atakayopata haitakuwa na alama yoyote ya kusema kwamba ni ya mkimbizi. Itakuwa karatasi ile ile anayopata mtoto wa Mbarara au wa Kampala, na kwa karatasi hiyo ataingia S1, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, bila kuomba ilinganishwe na chochote. Faida ya mfumo huu iko kwenye cheti, na gharama yake iko kwenye lugha. Wewe na binti yako mmekwisha kuanza kuilipa gharama hiyo, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba hamlipi zaidi ya inavyostahili, na hapo ndipo ninapoona kosa limefanyika.

Alipofika, walipima Kiingereza chake. Hawakupima elimu yake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na yakichanganywa mtoto mwenye miaka mitano na nusu ya shule anaonekana kama mwenye miaka miwili.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja, shule siitaji, ambapo mvulana aliyetoka Masisi alipewa jaribio la kumpangia darasa. Swali la hesabu lilikuwa limeandikwa kwa sentensi tatu za Kiingereza. Hakuandika kitu. Swali lililofuata lilikuwa la tarakimu tupu, 936 kugawa kwa 4, na mvulana akaandika 936 upande wa kushoto, akachora mstari wa kusimama, akaweka 4 upande wa kulia, na chini ya ile 4 akaandika 234. Mwalimu aliyezoea kuona kigawanyo kikiwa kushoto na jibu likiwa juu aliipitia kazi ile akaweka mkasi. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na namna ile ya kupanga ndiyo inayofundishwa katika shule za Kongo. Katika swali jingine aliandika 4,25 akimaanisha nne na robo, kwa sababu kwenu desimali huwekwa mkato na hapa huwekwa nukta, na akaandika 1.500 akimaanisha elfu moja na mia tano, ambayo kwa macho ya msahihishaji wa Uganda ni moja na nusu. Mvulana alipangiwa P2. Nilipomsomea lile swali la kwanza kwa Kiswahili alilikokotoa kichwani kabla sijamaliza sentensi.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kumwona mwalimu mkuu, ukiwa na buletini za Goma, yaani ripoti zake za shule, mkononi, na kumwomba kwa adabu jaribio jipya lenye sehemu mbili. Sehemu moja iwe hesabu, ambayo maelezo yake yasomwe kwa Kiswahili au Kifaransa na mtu anayezijua lugha hizo. Katika makazi yenu kuna walimu Wakongo wanaofanya kazi kama wasaidizi wa darasa kwa sababu vyeti vyao vya ualimu havijatambuliwa Uganda, na hao ndio watu wa kazi hii. Sehemu nyingine iwe Kiingereza peke yake, ili ijulikane hasa amefika wapi baada ya mwaka mmoja. Mwombe mwalimu azingatie mambo matatu niliyoyataja, yaani mpangilio wa kugawa, mkato na nukta, na uandike wewe mwenyewe kwenye kipande cha karatasi mfano wa kila kimoja ili asilazimike kukuamini kwa maneno. Mwalimu mkuu akikataa, peleka ombi hilo hilo kwa afisa elimu wa shirika linalosimamia shule za makazi, na baada ya hapo kwa Afisa Elimu wa wilaya ya Isingiro. Nimeona maombi mengi yakikubaliwa pale pale kwa mwalimu mkuu, kwa sababu walimu wengi hawana ubaya. Wana watoto wengi mno darasani na hawana mtu wa kuwatafsiria.

Baada ya kupimwa, kuna njia mbili, na inafaa uzihesabu kwa miaka kabla ya kuchagua. Akiendelea kama alivyo sasa, mwaka 2026 yuko P4, 2027 P5, 2028 P6, 2029 P7, na atafanya PLE Novemba 2029 akiwa na miaka 16 au kuipita. Hiyo ndiyo njia ninayotaka umwepushe, kwa kuwa msichana wa umri huo kwenye dawati la P7 ana sababu nyingi za kuondoka shuleni kabla ya Novemba, na unazijua kama ninavyozijua.

Njia ya kwanza ni mpango wa elimu ya haraka, unaoitwa AEP. Uganda imeufupisha msingi wa miaka saba kuwa ngazi tatu za mwaka mmoja mmoja: ngazi ya kwanza ni P1 hadi P3, ya pili ni P4 na P5, ya tatu ni P6 na P7. Umewekwa kwa ajili ya wenye miaka 10 hadi 18. Binti akiingia ngazi ya pili mwaka huu, mwakani atakuwa ngazi ya tatu na atafanya PLE Novemba 2027. Kwa mtoto ambaye hajawahi kusoma, kubana miaka miwili katika mmoja ni mzigo mzito. Kwa binti yako si hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya hesabu na sayansi ya P4 na P5 alikwisha kuisoma Goma, na nguvu zake zote anaweza kuzielekeza kwenye Kiingereza.

Ila mpango huu una masharti yake, na lazima uulize kabla ya kumhamisha. La kwanza ni kwamba umekusudiwa watoto walio nje ya shule waliopita umri, na vituo vingine havimpokei mtoto aliyekwisha kuandikishwa shule ya kawaida, ili visiwe vinazimaliza shule hizo. Usimwondoe shuleni kwanza ili afanane na sharti. Uliza kama wanampokea kwa kigezo cha umri, na upate jibu la wazi. La pili ni namba ya kituo cha mtihani. Kituo cha AEP mara nyingi hakina namba yake ya UNEB, kwa hiyo wanafunzi wake husajiliwa kupitia shule ya msingi kilichoambatanishwa nayo. Uliza ni shule gani, kisha nenda kwenye shule hiyo uhakikishe kwamba mwaka jana ilisajili watahiniwa wa AEP. La tatu, ambalo wazazi wengi hawaliulizi, ni nani anayelipa walimu na hadi lini. AEP nyingi zinaendeshwa kwa fedha za miradi, na tangu misaada ilipokatwa mwaka 2025 tumeona jinsi mradi unavyoweza kufungwa katikati ya mwaka. Mtoto aliyeachwa katikati ya ngazi ya tatu yuko pabaya kuliko aliyebaki P5. Ukikosa mtu wa kukuambia kwa hakika kwamba kituo kitakuwa wazi hadi Novemba 2027, usikitegemee.

Njia ya pili ni kubaki katika shule ya serikali na kuvushwa P5 mwaka huu huu, hata kama muhula umekwisha kuanza. Hapo atakuwa P6 mwaka 2027 na P7 mwaka 2028, na PLE ataifanya Novemba 2028. Ni mwaka mmoja zaidi ya AEP, lakini yuko katika shule ambayo haifungwi kwa sababu mfadhili ameondoka, na anapata miaka mitatu ya Kiingereza kabla ya mtihani badala ya miwili. Kwa maoni yangu, isipokuwa kituo cha AEP kilicho karibu nawe kimejibu maswali yote matatu vizuri, chagua P5. Mwalimu anaweza kukuambia kwamba akiruka atakosa masomo ya jamii, na ana hoja, kwa kuwa P4 wanajifunza wilaya yao, P5 wanajifunza Uganda, P6 Afrika Mashariki na P7 Afrika. Kinachokosekana kwa kuruka P4 ni ile wilaya, na hicho anaweza kukisoma nyumbani katika likizo moja. P5 isirukwe ovyo, maana historia ya Uganda hakuifundishwa Goma.

Sasa Kiingereza chenyewe. PLE ina mitihani minne: Kiingereza, hesabu, sayansi, na masomo ya jamii pamoja na dini. Kila mtihani hupewa alama kuanzia 1 hadi 9, na zinajumlishwa, kwa hiyo bora kabisa ni 4 na mbaya kabisa ni 36. Wazazi wengi wanafikiri Kiingereza ni robo ya kazi. Ukweli ni kwamba karatasi zote nne zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto anayejua sayansi vizuri lakini asielewe swali linaulizwa nini hupoteza alama za sayansi pia.

Usidanganyike na Kiingereza cha uwanjani. Kwa mwaka mmoja au miwili mtoto huweza kucheza, kununua sukari na kubishana kwa lugha mpya, na wazazi wakamwona ameshaijua. Lugha ya vitabu huchukua muda mrefu zaidi, na watafiti wa lugha huzungumzia miaka 5 hadi 7 ili mtoto awafikie wenzake waliozaliwa nayo. Binti hana miaka hiyo yote kabla ya PLE, kwa hiyo lazima ajifunze kwa mpangilio, na ana msaada mmoja ambao wenzake wa Kisomali au wa Sudan Kusini hawana, yaani Kifaransa. Maneno mengi ya hesabu na sayansi katika Kifaransa na Kiingereza yanaandikwa karibu sawa ingawa yanatamkwa mbali kabisa. Mwalimu akilitamka neno la pembetatu au la kuzidisha, binti halitambui. Akiliandika ubaoni, analijua papo hapo. Ndiyo maana inafaa ajifunze kwa macho kwanza, kisha kwa masikio.

Mnunulie daftari moja la kazi hii tu. Kila ukurasa augawe sehemu tatu, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Kila jioni atoe maneno kumi katika somo la kesho, si la jana, ayaandike katika safu hizo na kuyasoma kwa sauti mbele ya mtu anayejua matamshi, awe jirani au mwanafunzi wa sekondari. Kesho yake mwalimu akiyatamka, yatakuwa na mahali pa kukaa. Akishafika P6, aanze kufanya karatasi za PLE za miaka iliyopita, karatasi moja kwa juma, na mkisahihisha mwulize kila alipokosa: hukujua jibu, au hukuelewa swali? Wekeni alama tofauti kwa kila aina ya kosa. Baada ya majuma manane mtaona wenyewe tatizo limelala upande gani.

Na kuna kipimo ambacho mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kukitumia kila siku. Usitazame daftari. Watoto wetu wa shule za Kifaransa wananakili vizuri mno, kwa mwandiko wa kupendeza, na nimeona madaftari safi kabisa ya mtoto ambaye hakuelewa hata mstari mmoja. Mwambie alifunge daftari, kisha akueleze kwa Kiswahili mwalimu alifundisha nini leo. Akikueleza, ameelewa. Akikutajia kichwa cha somo peke yake siku tatu mfululizo, nenda kamwone mwalimu juma hilo hilo, usingoje ripoti ya mwisho wa muhula.

Kuhusu karatasi, swali lako lilikuwa kama zitamfaa. Kwa kuwa hakumaliza darasa la sita wala hakufanya mtihani wa taifa, hana cheti cha Kongo cha kulinganishwa. UNEB hulinganisha vyeti vya ngazi iliyokamilika, na buletini si cheti. Kazi ya buletini ni kuthibitisha alisoma hadi wapi, kwa hiyo zitakusaidia wakati wa kupangiwa darasa, na zitakusaidia tena mkirudi Kongo na shule ikitaka kujua. Piga picha kila ukurasa, ujitumie mwenyewe kwa simu na umtumie ndugu mwingine aliye mahali pengine, kwa maana nyumba za turubai zinavuja na zinaungua. Kila mwisho wa muhula dai ripoti ya Uganda yenye mhuri, uihifadhi pamoja nazo. Ikiwa nyumbani kuna mkubwa mwenye diploma ya Serikali, huyo hali yake ni tofauti: yeye aitafsiri kwa Kiingereza kwa mtafsiri anayekubalika, kisha aipeleke UNEB ilinganishwe, na afanye hivyo sasa, asingoje siku ya kuomba chuo.

Jambo linaloharibu zaidi kuliko yote, na ambalo linarekebishika kwa urahisi likiwahiwa, ni jina. Mkongo ana jina, jina la nyuma na jina la ubatizo. Karani aliyewaandikisha mlipofika aliandika mawili, huenda kwa mpangilio uliogeuzwa, huenda akaweka r mahali pa l. Shuleni mwalimu aliandika alivyosikia. Binti anaweza kuwa na majina matatu tofauti katika karatasi tatu bila mtu yeyote kujua. Atakaposajiliwa PLE, jina litakaloingia UNEB ndilo litakalomfuata S1, mtihani wa UCE wa mwisho wa S4 na chuo, na kulibadilisha baadaye ni kazi ndefu na ya gharama. Basi chukua leo cheti cha familia mlichopewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, buletini ya Goma na ripoti ya shule, uziweke sambamba mezani, ulinganishe herufi kwa herufi pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Kukiwa na tofauti, anza kurekebisha kwenye cheti cha familia, kwa kuwa ndicho mama wa karatasi nyingine, kisha shuleni. Kamilisha kabla hajaingia P7, kwa maana usajili wa watahiniwa hufanyika katika nusu ya kwanza ya mwaka, na siku ya kusaini fomu ya usajili, uwepo. Shule za serikali zilizo chini ya UPE, mpango wa elimu ya msingi bila ada, hazipaswi kumtoza ada ya mtihani huo. Ukidaiwa, omba uoneshwe maandishi.

La mwisho ni Kifaransa, kwa sababu nasikia ndani ya swali lako hofu kwamba binti atakuwa mgeni Kongo. Shuleni hatakipata hadi S1, ambako mtaala mpya wa sekondari wa Uganda, ulioanza mwaka 2020, unakiweka kama somo la kuchagua katika shule zenye mwalimu wake, na unakifanya Kiswahili kuwa cha lazima S1 na S2. Kiswahili atakuwa nacho, ila si kile cha Goma, na itambidi ajifunze upatanisho wa ngeli kama wanavyouandika watu wa pwani. Kifaransa kitunze nyumbani kwa kusoma. Miaka michache bila kusoma inatosha kumwachia mtoto matamshi bila tahajia, na shule ya Kongo itakayompokea itampima kwa imla. Mwalimu yeyote Mkongo aliye jirani yenu anaweza kumpa imla moja ya mistari kumi kila Jumamosi. Ukimpata, mwombe pia awe ndiye atakayekwenda nawe kwa mwalimu mkuu kusoma lile jaribio la hesabu.